Chunusi moja kwenye uso wa msemaji: urekebishe rangi, ubandike kiraka au ulainishe uso?

Mteja akikuletea hotuba iliyokwisha rekodiwa na kusema "nitolee tu hii chunusi", mbele yako kuna njia tatu. Unaweza kuchora duara juu ya doa, ukalitraki, yaani ukalifanya lifuate doa fremu kwa fremu, kisha ukabadilisha rangi na mwanga ndani yake. Unaweza kuchukua kipande cha ngozi safi kutoka pembeni na kukibandika juu ya doa kama kiraka kinachotembea na uso. Au unaweza kuulainisha uso mzima mpaka doa lipotee pamoja na mengine yote. Wahariri wengi wa video hapa Nairobi huanza na hii ya tatu kwa sababu ni kitufe kimoja, na hapo ndipo nyuso za wanasesere zinapotoka. Nitazilinganisha nikitumia programu ya DaVinci Resolve, maana toleo lake la bure liko kwenye kompyuta za wengi wetu, na nitasema ni wapi toleo la kulipia linahitajika.

Kabla ya kuchagua, kuza picha na uangalie doa lenyewe ni kitu gani. Chunusi iliyovimba ina umbo: upande unaoelekea taa unang'aa, upande wa pili una kivuli chembamba, na vyote viwili vinahama kichwa kikigeuka. Alama iliyobaki baada ya chunusi kupona haina umbo lolote, ni rangi tu. Ngozi ya rangi yetu, ikishawashwa na uvimbe, hutengeneza melanini ya ziada mahali pale, na baka jeusi hubaki miezi mingi baada ya uvimbe kuisha. Masomo mengi ya mtandaoni yanafundisha kupunguza wekundu, kwa sababu nyuso zilizo mbele ya walimu wao ni nyeupe. Kwa msemaji mweusi, wekundu mara nyingi haupo. Kilichopo ni weusi uliozidi, au kinundu kinachong'aa. Rangi ina dawa yake na umbo lina dawa yake, na ukizibadilisha hutapata matokeo mazuri hata ukikesha.

Nichukue kazi moja niwaonyeshe. Mama mmoja, mkurugenzi wa shirika, amerekodiwa akizungumza kwa dakika kumi na mbili katika ofisi ya ghorofani, Upper Hill. Dirisha kubwa liko kushoto kwake, na ni Julai, ule mwezi wa mawingu ambapo jua hutokea kidogo na kurudi ndani. Kamera mbili, zote za 4K, fremu 25 kwa sekunde. Kwenye shavu la kushoto ana chunusi iliyovimba, na chini yake kidogo baka jeusi la chunusi ya zamani. Maneno yake yalikuwa haya: "Usinirudishe utotoni. Nina miaka hamsini na miwili na nimeihangaikia. Hii chunusi ya leo ndiyo sitaki." Lile baka, alipoulizwa, alisema lipunguzwe lakini lisifutwe.

Kwanza nilihesabu ukubwa. Katika kamera ya karibu uso wake unachukua kama pikseli 700 kwa upana. Uso wa mtu mzima una upana wa kama sentimita 14, kwa hiyo kila pikseli ni milimita 0.2, na chunusi ya milimita 4 ni pikseli 20. Katika kamera ya mbali uso una pikseli 150 tu, na chunusi ileile ni pikseli 4. Video ikishushwa hadi 1080 kwa ajili ya YouTube, zinabaki 2. Hakuna mtazamaji atakayeziona, kwa hiyo kamera ya mbali haiguswi kabisa. Hii ndiyo sababu ya kukata video kwanza na kutraki baadaye: dakika kumi na mbili ni fremu 18,000, lakini picha za karibu zinazobaki kwenye video ya mwisho huwa sehemu ndogo tu ya hizo.

Kurekebisha rangi: kwa baka lisilo na umbo

Njia hii iko kwenye toleo la bure. Unafungua nodi mpya, yaani hatua moja ya marekebisho, unachora duara la Window juu ya baka, unalainisha kingo zake, unatraki, kisha unapandisha mwanga ndani ya duara hadi ukaribie ngozi ya jirani. Uzuri wake mkubwa ni kwamba vinyweleo na vitundu vya ngozi vinabaki palepale. Ukizidisha mwanga wa pikseli zote kwa kiasi kilekile, uwiano kati ya kitundu na ngozi inayokizunguka unabaki vilevile. Hakuna kilichotiwa ukungu wala kuchukuliwa kutoka kwingine, na hata chembechembe za kamera zinabaki zikicheza kama kawaida.

Usikisie kwa macho. Bofya kitufe cha kulia juu ya picha, washa Show Picker RGB Value, kisha soma namba. Kwa yule mama, ngozi safi kando ya baka ilikuwa karibu nyekundu 112, kijani 78, bluu 60. Katikati ya baka zilikuwa 84, 58 na 47. Ukigawanya utaona nyekundu na kijani zinahitaji kuzidishwa kwa karibu 1.33, na bluu kwa kama 1.28, yaani pungufu kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea kimyakimya: wanapandisha mwanga wote sawasawa, bluu inabaki imezidi, na baka jeusi linageuka kuwa baka la kijivu. Kwa ngozi nyeusi kijivu kinaonekana haraka sana, utadhani mtu amejipaka jivu.

Sikufika hadi 112. Niliishia 106, 74 na 57, yaani kama asilimia 80 ya safari. Mama mwenyewe alitaka baka libaki kwa mbali, lakini hata asingesema ningefanya hivyo hivyo. Ngozi halisi haina rangi moja kutoka sikio hadi pua, na doa lililosawazishwa kabisa hugeuka kuwa duara safi kupita kiasi. Zaidi ya hayo, duara likiteleza pikseli mbili katika fremu fulani, marekebisho ya asilimia 80 hayaonekani, ilhali ya asilimia 100 yanaacha mwezi mwandamo mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili.

Udhaifu wa njia hii ni kinundu. Ukiitumia kwenye chunusi iliyovimba, unapandisha kivuli na mng'aro kwa pamoja, na mng'aro unakuwa nukta nyeupe inayovuta jicho kuliko chunusi ilivyokuwa. Ukiushusha mng'aro, kivuli kinakuwa shimo. Usipoteze muda hapo. Udhaifu wa pili uko kwenye video ya simu au ya kamera inayorekodi rangi kwa 4:2:0, ambapo taarifa za rangi ni nusu ya zile za mwanga kwa upana na kwa urefu. Ukivuta rangi sana ndani ya duara dogo utaona vijisanduku. Kwa video ya namna hiyo, rekebisha zaidi mwanga na uguse rangi kidogo tu.

Kubandika kiraka: kwa chunusi yenye umbo

Kwa kinundu, unachukua ngozi halisi kutoka jirani. Toleo la Studio lina Patch Replacer, na Studio hununuliwa mara moja kwa dola 295. Unaweka umbo moja juu ya chunusi na jingine mahali pa kuchukulia, kisha kwenye paneli ya kutraki unabadilisha kutoka Window kwenda FX ili kiraka kifuate shavu. Ina namna tatu za kujaza. Clone inabandika kama ilivyo. Fast Mask haichukui ngozi popote, inanyoosha rangi za kingoni kuelekea katikati, na kwa uso wa karibu hiyo huacha kipande kisicho na vitundu, kwa hiyo iachie kuta na nguo. Adaptive Blend inachukua ngozi ya kule lakini inaulinganisha mwanga wake na wa mahali inapofikia. Kwa nyuso mimi huanza na Adaptive Blend, na ni nadra kuhama.

Ukiwa na toleo la bure, ukurasa wa Fusion unafanya jambo hilohilo kwa mkono. Unatoa picha kwenye MediaIn, unaipitisha kwenye Transform inayoisogeza kidogo ili ngozi safi iangukie juu ya chunusi, unaiunganisha na picha ya asili kwa Merge, na unaifunika kwa Ellipse yenye kingo laini ili kipande kile kidogo tu kionekane. Center ya Ellipse unaiunganisha na Tracker kwenye Offset position. Kazi inachukua muda zaidi, na hutapata usawazishaji wa mwanga wa Adaptive Blend, lakini kiraka cha pikseli 30 kwenye taa zisizobadilika hutoka safi kabisa.

Ubora wa kiraka hutegemea umeitoa wapi ngozi, na hapo ndipo pa kutulia. Kwa yule mama, mwanga uliingia kutoka dirishani, kushoto kwake, kwa hiyo shavu lilipungua mwanga polepole kutoka sikioni kuelekea puani. Ukichukua ngozi kutoka upande wa sikio, kiraka kinakuwa cheupe; ukichukua upande wa pua, kinakuwa cheusi, na tena vitundu vya karibu na pua ni vikubwa kuliko vya shavuni. Nilichukua juu ya chunusi, wima, pikseli kama 40, ambako mwanga ni uleule na ngozi ni ya aina ileile. Chini nisingeweza, maana lile baka liko huko. Kanuni ni kutafuta taa iko wapi, kisha kusogea kwa kukata njia yake, kamwe usiifuate. Na usivuke mng'aro. Ngozi nyeusi huonyesha umbo la uso kwa mng'aro kuliko kwa kivuli, kwa hiyo kipande kidogo cha mng'aro kikitua mahali pasipo pake, mtazamaji ataona shavu limebonyea bila kujua kwa nini.

Ukubwa wa kiraka niliufanya mara moja na nusu ya chunusi, pikseli 30, pamoja na kingo laini za pikseli kama 8. Kikiwa kidogo zaidi, duara la kivuli cha chunusi linabaki nje kama pete. Kikiwa kikubwa zaidi, unaanza kufuta mistari ya uso ambayo mwenyewe ameihangaikia.

Kuna wanaosimamisha fremu moja, wakaisafisha kwa brashi, kisha wakaitraki fremu ile juu ya uso. Kwa hotuba siipendekezi. Chembechembe za kamera ndani ya kipande kile zimeganda huku uso mwingine wote ukicheza, na mtu akitikisa kichwa kwa haraka, uso unafifia kwa mwendo lakini kiraka kinabaki kikali kama stika. Kiraka kinachotolewa kwenye fremu ileile inayoonekana kina chembechembe za wakati ule na ukungu wa mwendo wa wakati ule, kwa hiyo tatizo halizaliwi.

Kutraki kwenyewe

Njia zote mbili zinaishi au kufa hapa. Ngozi tupu haina alama za kushika, na duara dogo la pikseli 30 lina machache mno ya kufuata. Kwa hiyo, kwa duara la Window, chora kubwa kwanza, linaloingiza chunusi, baka na mstari wa shavu, traki nalo, kisha ukiwa kwenye hali ya Clip, inayogusa klipu nzima, lipunguze hadi ukubwa unaoutaka. Mwendo uliorekodiwa unabaki. Zima 3D, kwa sababu kwenye eneo dogo huipotosha duara bila sababu, lakini acha Zoom na Rotate kama msemaji huinama kuelekea kamera.

Usishike kona ya jicho kwa sababu tu iko wazi. Mtu akitabasamu, shavu hupanda na jicho hubaki palepale, na kiraka kitateleza juu ya ngozi kila anapocheka. Shika kitu kilicho juu ya ngozi ileile inayosogea. Mara nyingi chunusi yenyewe ndiyo alama bora kuliko zote, kwa hiyo traki kabla ya kuifuta, kwa picha yenye kontrasti ya kutosha. Kama umerekodi kwa log, igeuze rangi kwanza ndipo utraki, maana picha ya log ni ya kijivu mno.

Duara likiteleza, usitraki upya yote. Nenda kwenye fremu linapoanza kupotea, badilisha kutoka Clip kwenda Frame, lirudishe mahali pake, uendelee. Mkono au karatasi ikipita mbele ya shavu, simamisha kutraki kabla haijafika, endelea inapokwisha kupita, na kwenye Key Output ushushe nguvu ya nodi hadi 0 kwa fremu mbili tatu mkono unapoingia. Usipofanya hivyo kipande cha shavu kitaonekana kikielea juu ya vidole, na hiyo ndiyo ajali inayowachekesha watu kwenye WhatsApp.

Kulainisha uso: lini inafaa

Beauty na Face Refinement, zote za Studio, hufanya kazi juu ya ngozi yote. Hata ile Midtone Detail ya bure, ukiishusha, hufanya hivyohivyo: hupunguza tofauti ndogondogo za mwanga na kuacha zile kubwa. Tatizo ni kwamba vitundu vya ngozi ni tofauti ndogondogo, na kinundu cha milimita 4 ni tofauti kubwa zaidi yake. Yaani ili chunusi ipotee, vitundu vyote lazima viwe vimekwisha kufa kabla. Huwezi kuondoa kikubwa kwa chombo kinachoanza na kidogo ukategemea kidogo kibaki. Kwa ngozi nyeusi hasara ni mara mbili, kwa sababu mng'aro uliokuwa umevunjika juu ya vitundu unaungana na kuwa bango moja linalong'aa kama plastiki ya kiti. Halafu YouTube ikibana faili, sehemu ile laini huchora mistari ya rangi.

Ipo kazi inayoifaa. Mwanamume mwenye vipele vya kunyoa shingo nzima, au shavu lenye vipele vidogo ishirini vilivyotawanyika, huwezi kumbandika viraka ishirini. Hapo lainisha, lakini ndani ya duara la eneo lile tu, nje ya macho, nyusi, midomo na ndevu, na kwa kiasi ambacho ukiizima nodi tofauti inaonekana kidogo tu. Kwa chunusi moja, sioni sababu ya kuigusa hata kidogo.

Namna ya kujua umefaulu

Usikague fremu iliyosimama. Fremu iliyosimama hudanganya, kwa kuwa kosa la kutraki ni kosa la mwendo. Cheza kwa kasi ya kawaida, picha ikiwa asilimia 100, na utazame mdomo wa msemaji kama mtazamaji wa kawaida. Kiraka kinachoteleza kitakuita chenyewe pembeni mwa jicho. Kisha ongeza nodi ya muda mwishoni, pandisha kontrasti hadi picha iwe mbaya, na ucheze tena: ukingo uliojificha, kijivu kilichozidi na eneo lisilo na chembechembe vyote hujitokeza. Ukimaliza, ifute nodi hiyo. Zima na uwashe nodi ya marekebisho kwa Ctrl+D. Ukiona uso mzima umebadilika, umezidisha. Panapaswa kubadilika mahali pamoja.

Kwa mkurugenzi wetu, basi, baka lilipata rangi na chunusi ilipata kiraka cha Adaptive Blend, katika nodi mbili tofauti, kila moja na duara lake. Mwendo wa shavu ni mmoja tu kwa duara zilizo jirani, na Copy Track Data na Paste Track Data kwenye menyu ya kutraki huokoa muda mwingi pale duara zote mbili ni za Window. Jua lilipotokea katikati ya sentensi, kiraka kilipanda mwanga pamoja na shavu, kwa kuwa ngozi ile ya juu nayo ilikuwa imepigwa na jua lilelile. Marekebisho ya baka yalishikilia pia, maana kuzidisha ni kuzidisha, mwanga uwe mwingi au mdogo.

Swali la kumwuliza mwenye uso halihusu programu. Chunusi ya wiki hii ni mgeni. Kidoto cha kuzaliwa, kovu la ajali au chale ni vya mtu, na ndugu zake wataona vikikosekana kabla ya kusikia alichosema. Na kama ni mahojiano ya habari, uso hauguswi. Hapo dawa ni tishu na poda kidogo kabla ya kamera kuwashwa.

Palibaki sehemu moja ambayo hakuna njia iliyoifaa. Mama aligeuka kumjibu mtu aliyekaa kushoto kwake, na chunusi ikasogea hadi kwenye ukingo wa shavu, ikionyesha kinundu dhidi ya ukuta mweupe. Pale hakuna ngozi jirani ya kuchukua upande wa nje, na kiraka chochote hula umbo la shavu. Sekunde zile mbili nilizifunika kwa picha ya kamera ya mbali, ambako chunusi ni pikseli nne, na sauti ikaendelea.